Asilimia tano ya nini?

Kwa mwaka mzima nililipa deni la kadi ya mkopo nikiwa na hesabu moja kichwani, na hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Stetimenti ilisema kima cha chini cha malipo ni asilimia 5. Nikajiambia, asilimia 5 mara 20 ni mia, basi miezi 20 nimemaliza, na kwa kuwa kuna riba tuongeze miwili mitatu. Sikuchelewa kulipa hata mara moja. Kadi nikaifungia kabatini, sikununua nayo kitu. Mwezi wa 12 nikafungua stetimenti nikitegemea kukuta deni limefika nusu au chini ya hapo. Nikakuta zaidi ya theluthi mbili bado ipo.

Nilidhani benki imekosea. Dada yangu mkubwa ni mhasibu, nikampelekea zile stetimenti zote 12 nimezipanga kwa tarehe, kama mtu anayekwenda mahakamani. Alizipitia kwa dakika chache, akaniuliza, "Mdogo wangu, asilimia tano ya nini?"

"Ya deni."

"Deni lipi? Lile la mwezi wa kwanza au la leo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukulia kwamba ni asilimia 5 ya deni nililoanza nalo. Kumbe ni asilimia 5 ya kilichobaki, mwezi baada ya mwezi. Deni likipungua, na malipo yanapungua, kwa hiyo kasi ya kulipunguza deni nayo inapungua. Unakimbiza kitu ambacho kila ukikikaribia, miguu yako inafupishwa kidogo.

Nitaeleza hesabu nzima kama tulivyoifanya mezani kwake. Namba nimezikata ziwe nzima ili zifuatike, na sitaji fedha ya nchi yoyote. Weka ya kwako. Deni ni 100,000. Riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Kima cha chini ni asilimia 5 ya salio la stetimenti au 1,000, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Hicho kipande cha mwisho, "au 1,000", nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa, na bila hicho deni halingeisha kabisa. Nitakirudia.

Mwezi wa kwanza unakwenda hivi. Juu ya 100,000 inaongezwa riba ya 2,000, salio la stetimenti linakuwa 102,000. Asilimia 5 yake ni 5,100. Ukilipa, zinabaki 96,900. Kwa hiyo katika zile 5,100 ulizotoa mfukoni, 2,000 zimeliwa na riba na 3,100 tu ndizo zimeligusa deni lenyewe. Mwezi wa pili riba ni 1,938, salio linafika 98,838, na kima cha chini sasa ni 4,941.90. Zinabaki 93,896.10. Mwezi wa tatu kima cha chini ni 4,788.70.

Tazama safu ya malipo: 5,100, halafu 4,942, halafu 4,789. Mimi nilikuwa naiona hiyo kama nafuu. Kila mwezi kadi inanidai kidogo kuliko mwezi uliopita, nikadhani ni dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri. Zile 158 za tofauti ya mwezi wa kwanza na wa pili nilizibakiza mfukoni, na leo ukiniuliza zilikwenda wapi siwezi kukuambia. Lakini najua hazikwenda kwenye deni.

Ukitaka kuruka miezi bila kuiandika mmoja mmoja, kuna njia. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.02 kwa sababu ya riba, kisha linabaki asilimia 95 baada ya malipo. Zidisha 1.02 kwa 0.95 upate 0.969. Hiyo ndiyo namba ya kadi hii. Deni baada ya miezi 12 ni 100,000 mara 0.969 iliyozidishwa yenyewe mara 12, nayo inatoa kama 68,531. Hicho ndicho nilichokikuta kwenye stetimenti yangu na kuipeleka benki mahakamani kichwani mwangu. Haikuwa imekosea hata senti. Katika mwaka huo nilikuwa nimelipa kama 51,770, na kati ya hizo 20,300 zilikuwa riba.

Namba 0.969 inakuambia na jambo lingine. Deni hili linapungua kwa asilimia 3.1 kwa mwezi, si 5. Kufika nusu linahitaji miezi 22. Kufika robo, miezi mingine 22. Na kwa kuwa kila mara unakata sehemu ya kilichobaki, ukiendelea hivyo milele utakuwa na kitu kinachobaki milele. Ndipo "au 1,000" inapoingia. Salio la stetimenti likishuka chini ya 20,000, asilimia 5 yake inakuwa ndogo kuliko 1,000, na kuanzia hapo unalipa 1,000 isiyobadilika. Kwa deni letu hilo linatokea baada ya mwezi wa 52. Wakati huo bado unadaiwa 19,446. Kutoka hapo zinahitajika miezi 25 zaidi.

Jumla ni miezi 77. Miaka sita na miezi mitano, kwa deni ambalo mimi nilikuwa nimelipangia miezi 20. Riba yote inayolipwa ni kama 57,400. Na hapo hujachelewa kulipa hata mara moja wala hujanunua kitu kingine na kadi hiyo.

Dada hakunipa namba hizi tayari. Alinifungulia Excel akaniambia nijaze mwenyewe, na nadhani alifanya vyema kwa sababu nisingeziamini. Safu ya A ni deni la mwanzo wa mwezi, B ni riba, C ni malipo, D ni kinachobaki:

```
A2: 100000
B2: =A2*0.02
C2: =MIN(A2+B2, MAX(0.05*(A2+B2), 1000))
D2: =A2+B2-C2
A3: =D2
```

Kisha unaziburuta B2, C2 na D2 mstari mmoja chini hadi wa 3, halafu unauburuta mstari wote wa 3 kuelekea chini mpaka D ionyeshe sifuri. Kwa mfano huu sifuri inatokea mstari wa 78, maana mstari wa 2 ndio mwezi wa kwanza. Jumlisha safu ya B upate riba yote.

Nilikosea mara mbili kabla haijakaa sawa, na makosa yenyewe ni ya kila mtu. Kwanza niliandika 0.24 badala ya 0.02, yaani nilitoza riba ya mwaka kila mwezi. Ukikosea hivyo utajua haraka, kwa sababu deni linapanda badala ya kushuka. Kosa la pili lilijificha zaidi: niliacha MIN. Bila MIN, mwezi wa mwisho karatasi inaendelea kutoa 1,000 hata kama linalodaiwa ni 873, deni linaingia chini ya sifuri, na jumla ya malipo inaharibika. Kuna kipimo kimoja kinachokamata makosa ya aina hii: jumla ya safu ya C ukiitoa 100,000 lazima iwe sawasawa na jumla ya safu ya B. Kila ulicholipa juu ya deni la mwanzo ni riba, hakuna kingine. Kama hazilingani, usiendelee na hesabu nyingine mpaka umejua kwa nini.

Sasa lile ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Tulipomaliza karatasi ya kwanza, dada alinakili safu zote kwenye ukurasa wa pili, akabadilisha kitu kimoja. Pale kwenye safu ya C, mahali pa ile MAX yote, akaweka 5,100 isiyobadilika, MIN ikabaki. Si pesa mpya, si kujinyima zaidi. Ni ileile 5,100 niliyoilipa mwezi wa kwanza, ila sasa inabaki hapohapo kila mwezi hata kama stetimenti inadai pungufu.

Deni likaisha mwezi wa 26. Riba yote ikawa 28,220.

Niliikagua ile karatasi kama mara nne. Malipo ya mwezi wa kwanza ni sawa kwa sawa. Tofauti ya mwezi wa pili ni zile 158 tu. Lakini mwishoni pengo ni miezi 51, na riba inapungua kwa zaidi ya 29,000. Ukitaka kuona inavyotokea, simama mwezi wa 24. Anayelipa kima cha chini bado anadaiwa 46,965. Anayelipa 5,100 kila mwezi anadaiwa 5,692. Walianza siku moja wakiwa na deni moja na malipo mamoja.

Sababu ni kwamba riba inatozwa kwenye deni lililobaki, kwa hiyo kila mwezi inashuka. Ukishikilia malipo palepale, ile nafasi inayoachwa na riba inaingia kwenye deni lenyewe. Mwezi wa kwanza 3,100 zinaligusa deni; mwezi wa pili, kwa malipo yaleyale, zinaligusa 3,162; na mwezi wa 24 ni 4,888. Ukifuata kima cha chini, nafasi hiyo unarudishiwa wewe mfukoni, vijisenti vijisenti, na deni linabaki kukaa.

Kwa malipo yasiyobadilika huhitaji hata karatasi ndefu. Kuna kanuni moja. B ni deni, r ni riba ya mwezi, P ni malipo ya kila mwezi, n ni idadi ya miezi:

```
n = -ln(1 - r*B/P) / ln(1 + r)
```

Usiogope ile ln, ni kitufe tu kwenye kikokotoo cha simu ukikilaza. Cha kuangalia ni kile kilicho ndani ya mabano, r*B/P. Hiyo ni riba ya mwezi wa kwanza ukiigawa kwa malipo yako. Kwetu ni 2,000 kugawa kwa 5,100, yaani 0.392. Maana yake ni kwamba karibu asilimia 39 ya malipo yako ya kwanza inakwenda kwenye riba. Namba hiyo moja ndiyo inayoamua kila kitu: ikikaribia sifuri unamaliza haraka, ikikaribia 1 utakaa miaka mingi, na ikifika 1 kanuni haina jibu, kwa sababu malipo yako yote yanaliwa na riba na deni halisogei.

Excel wanayo kanuni hiyohiyo kwa jina lingine:

```
=NPER(0.02,-5100,100000)
```

Jibu ni 25.14. Maana yake ni malipo 25 kamili, na la 26 dogo la kumalizia, kama 720. Malipo yanawekwa alama ya kutoa kwa sababu ni pesa inayotoka. Ukiisahau utapata jibu la ajabu, pengine miezi yenye alama ya kutoa. Ukijaribu kuweka -2000 utaona `#NUM!`. Si hitilafu ya kompyuta. Inakuambia kwamba kwa malipo hayo deni halitaisha. Na kama kompyuta yako inakataa alama za mkato, jaribu nukta mkato, kuna mipangilio inayotaka hizo.

Riba ya haraka haraka unaipata kwa kuzidisha 25.14 kwa 5,100 kisha kutoa 100,000. Inatoka 28,214, ambayo ni pungufu kwa 6 tu ya hesabu ndefu. Kwa kupanga maisha inatosha.

Unaweza pia kugeuza swali: badala ya kuuliza nitamaliza lini, uulize nilipe kiasi gani ili nimalize kwa muda ninaoutaka. Kwa miezi 36:

```
=PMT(0.02,36,-100000)
```

Inatoa kama 3,923 kwa mwezi, riba yote ikiwa kama 41,240. Hii miezi 36 sikuichagua ovyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009 inayozitaka kampuni za kadi ziandike kwenye stetimenti yenyewe deni litachukua muda gani kwa kulipa kima cha chini tu, na pembeni yake kiasi cha kulipa kila mwezi ili liishe ndani ya miezi 36. Kama stetimenti yako ina kisanduku cha namna hiyo, tayari hesabu umefanyiwa, ingawa inachukulia kwamba hutanunua kitu kipya. Kama haina, una kanuni mbili hapo juu.

Tazama lakini jambo la kuchekesha kidogo. 3,923 ni ndogo kuliko kima cha chini cha mwezi wa kwanza, 5,100. Kwa kadi yangu nisingeruhusiwa kulipa hivyo miezi ya mwanzo. Ningehesabiwa nimelipa pungufu na kutozwa faini. Hata hivyo anayelipa 3,923 bila kubadilisha angemaliza miezi 41 kabla ya yule anayeanza na 5,100 na kufuata kima cha chini mpaka mwisho. Ndiyo maana sasa mtu akiniambia "mimi nalipa zaidi ya elfu tano kwa mwezi", namuuliza kwanza ya mwezi gani.

Kadi zote hazihesabu kima cha chini kwa namna moja, na hapa usome maandishi madogo kabla ya kuchukua namba zangu. Namna nyingine iliyoenea ni asilimia 1 ya deni pamoja na riba yote ya mwezi. Ukiangalia malipo ya kwanza kwa deni letu, ni 1,000 jumlisha 2,000, yaani 3,000, inaonekana ni nafuu sana. Lakini hapo deni linashuka kwa asilimia 1 tu kwa mwezi, na kufika nusu linahitaji miezi 69. Karibu miaka sita uko nusu ya njia. Kubadilisha karatasi ni rahisi: kwenye safu ya C, mahali pa `0.05*(A2+B2)` weka `0.01*A2+B2`.

Turudi kwenye deni langu. Siku ile mezani kwa dada nilikuwa nimeshapoteza miezi 12. Nilikuwa na 68,531, na kima cha chini cha mwezi uliofuata kilikuwa kama 3,495. Akaniambia nirudi kwenye 5,100. Nililalamika kwamba sina hiyo pesa. Akafungua stetimenti ya kwanza, akaweka kidole kwenye malipo: 5,100, imelipwa kwa wakati. "Mwaka jana ulikuwa nayo. Mshahara umepungua?" Haukuwa umepungua.

NPER kwa 68,531 na malipo ya 5,100 ilitoa 15.8, yaani miezi 16. Jumla na 12 ya mwanzo ikawa 28, badala ya 26 kama ningefanya hivyo tangu mwanzo. Riba yote ikawa kama 32,390. Ule mwaka wa kulipa kima cha chini ulinigharimu miezi miwili na kama 4,170 za riba. Nilitegemea hasara kubwa zaidi, nikafurahi. Mwaka wa kwanza sio unaoumiza sana, kwa sababu malipo bado ni makubwa. Kinachokula riba ni ile miaka mirefu ya nyuma ambapo unalipa 1,500, kisha 1,200, kisha 1,000, na hata hukumbuki tena ulinunua nini.

Katika kupanga malipo kuna mahali pa kuteleza. Programu ya benki kwenye simu ilikuwa imewekwa ilipe yenyewe "kima cha chini" kila mwezi. Nilidhani kubadilisha ni kuongeza tu malipo mengine kwa mkono, nikasahau mwezi uliofuata. Chaguo sahihi lilikuwa "kiasi maalumu", halafu unaandika 5,100 mara moja. Ukishaweka hivyo, bado ukague kila stetimenti kama kima cha chini hakijapanda juu ya kiasi chako, maana ada au manunuzi mapya yanaweza kukipandisha, na ukilipa pungufu yake hata kwa 10 tu utahesabiwa umekosa.

Manunuzi mapya yanastahili aya yao. Kadi ikiwa na deni la nyuma, kwa kawaida zile siku za bure za kununua bila riba zinaondoka. Kitu ukinunua leo kinaanza kutozwa leo. Nilijaribu kwenye karatasi: mtu analipa 5,100 kwa uaminifu, lakini kila mwezi ananunua vitu vya 2,000 kwa kadi hiyohiyo. Kwa hesabu ni sawa na kulipa 3,100. Ukiingiza kwenye NPER unapata miezi 53, na riba kama 62,200. Ni kubwa kuliko ya yule wa kima cha chini aliyefungia kadi kabatini. Kwa hiyo kushikilia malipo palepale kunafanya kazi kwa kadi iliyolala. Kwa kadi inayotembea, kwanza hesabu ni ngapi zinaingia.

Namba za karatasi yako hazitalingana na stetimenti senti kwa senti, na hilo lisikutie wasiwasi. Kadi nyingi zinatoza riba kwa siku: asilimia 24 inagawanywa kwa 365, kisha inazidishwa kwa salio la kila siku. Kwa 100,000, mwezi wa siku 31 unatoa riba ya 2,038, na Februari ya siku 28 inatoa 1,841, wakati karatasi inasema 2,000 kila mara. Siku unayolipa nayo ina uzito. Karatasi inachukulia umelipa siku stetimenti inapotoka. Ukisubiri mpaka tarehe ya mwisho, zile siku za katikati deni lilikuwa bado kubwa, na zinatozwa. Nilipoanza kulipa siku mbili baada ya mshahara badala ya kungoja tarehe ya mwisho, riba ilishuka kidogo bila mimi kuongeza chochote. Kama tofauti kati ya karatasi na stetimenti ni ya makumi, ni siku tu hizo. Ikiwa ni ya mamia kila mwezi, tafuta ada: bima ya kadi usiyoijua, ada ya mwaka, au pesa taslimu uliyotoa kwenye mashine, ambayo mara nyingi ina riba yake ya juu zaidi.

Hizo siku ndizo zilizonipata mwishoni. Stetimenti yangu ya mwisho ilionyesha 4,150. Nililipa zote siku ya 18 baada ya stetimenti kutoka, nikampigia dada kumwambia nimemaliza, na stetimenti iliyofuata sikuifungua. Ilikuwa na 49.12. Ni riba ya siku 18, kutoka siku stetimenti ilipotoka mpaka siku nilipolipa: 4,150 mara 0.24, gawa kwa 365, zidisha kwa 18. Kwa kuwa sikuilipa, mwezi uliofuata ikaja na faini ya kuchelewa ya 500.

"Ulilipa tarehe ngapi?" dada aliuliza, nami nikajua tayari anakokwenda. Nilipiga simu benki, wakaifuta faini kwa kuwa sikuwa na historia ya kuchelewa. Kama unakaribia malipo ya mwisho, usichukue salio la kwenye stetimenti. Piga simu uulize kiasi cha kufunga deni kwa tarehe hasa utakayolipa, na agizo la malipo ya kila mwezi usilifute mpaka stetimenti mbili mfululizo zije na sifuri.